Umepata TIN? Sasa uliza mauzo yako ni ngapi

Juzi kuna dada wa Ujiji anayeuza mawese ya rejareja kaniandikia, "kaka, nimepata TIN, nimemaliza?" Nikacheka maana ndo kwanza anaanza, na mimi hii njia naijua, duka langu hapa Mwanga linaendeshwa na daftari tangu siku ya kwanza na hilo najivunia kabisa.

TIN yenyewe ni bure. Unaomba mtandaoni TRA kwa namba ya NIDA, ukiwa na biashara unataja na eneo unalofanyia. Mimi kuna mtu alinichaji hela ya "kuharakisha", sitamtaja ila roho bado inaniuma. Angalia tu TIN yako ni ya aina gani, maana ya leseni ya udereva haikudai makadirio, ya biashara inakudai.

Makadirio ndo watu wanapochanganya. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayafiki milioni 100 anakadiriwa kwa MAUZO, siyo faida. Dada akaniambia faida yake ni ndogo sana, nikamwambia faida weka pembeni, kwa mwezi unauza shingapi? Akasema kama laki tano. Mara miezi 12 ni milioni 6. Hadi milioni 4 hulipi kitu, yeye kashapita, yupo kwenye kundi la milioni 4 mpaka 7. Asipokuwa na kumbukumbu za mauzo analipa 100,000 kwa mwaka. Akiwa nazo analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yani asilimia 3 ya milioni 2, ambayo ni 60,000. Elfu arobaini hiyo kaiokoa daftari! Tena inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwahiyo ni elfu 15 kila awamu badala ya elfu 25.

Sasa daftari siyo kuandika "leo nzuri". Andika tarehe, ulichouza, kiasi, na risiti za manunuzi zitunze. Usikadirie kwa mauzo ya msimu mzuri, wala usijishushe ili ulipe kidogo, mauzo yakibadilika sana katikati ya mwaka nenda ukarekebishe makadirio. Watu hawafanyi, halafu wanalalamika kijiweni wamebambikwa kodi. Jamani acheni uvivu!

Chini ya hiyo milioni 100 ukilipa kwa utaratibu huu hupeleki hesabu za mwisho wa mwaka, ukizidi ndo unaanza kuzipeleka. Na ukifunga biashara kaandike barua TRA uwaambie, maana kufunga mlango wa duka hakufungi TIN, makadirio yanaendelea kusoma jina lako hata kama umeshahamia Kasulu kulima.