Pima saa zako kabla hujalipia masomo manne ya CPA

Mara ya kwanza nilijisajili masomo manne ya NBAA, bodi ya wahasibu, kwa mtihani wa Novemba. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: saa tatu kila jioni, tano Jumamosi, tano Jumapili, jumla saa 25 kwa wiki. Nilifaulu somo moja.

Nilikosea kuhesabu muda wa kuwa nyumbani kana kwamba ni muda wa kusoma. Ofisi iko Mtumba, naishi Nkuhungu, upande wa pili wa mji wa Dodoma. Kazi inaisha saa tisa na nusu kwenye karatasi tu. Ukiondoka saa kumi na moja na kuunganisha daladala, unafika giza limeingia.

Safari ya pili nilianza na kidaftari. Kwa wiki mbili niliandika saa ya kukaa mezani na ya kuinuka, nikaondoa yaliyoingilia. Jumanne moja inasomeka hivi: nimekaa 2:40 usiku, nimeinuka 3:50. Bosi kapiga kuulizia vocha, dakika 15. Mtoto kaamka, dakika 10. Kimebaki dakika 45. Kusoma notisi kwenye simu ndani ya daladala sikukuhesabu, maana swali la konsolidesheni hulifanyi umesimama.

Wiki ya kwanza ilitoa saa 9, ya pili saa 6 na nusu. Nilichukua ile ndogo, kwa sababu ndiyo inayojirudia.

Kuanzia Agosti hadi mwisho wa Oktoba nina wiki 13. Sisi wa serikalini hesabu za mwaka lazima zimfikie CAG ifikapo tarehe 30 Septemba, kwa hiyo wiki tatu za mwisho wa mwezi huo nilizipa saa 2 tu kila moja. (Usidhani mtihani wa Mei ni nafuu: Bunge la Bajeti linaanza Aprili, na wizarani hapo watu wanalala ofisini.) Wiki 10 kwa saa 6 na nusu ni 65, ongeza 6, unapata 71.

Kisha nikageukia somo lenyewe. Niligawa silabasi yake katika mada 10, kila mada saa 4 pamoja na kufanya maswali: 40. Mitihani iliyopita minne, kila mmoja saa 3 za kuufanya kwa kupima muda na 2 za kujisahihisha: 20. Jumla 60. Zinabaki 11 za malaria, misiba na wageni. Somo moja, basi. Manne yangetaka 240.

Hiyo saa 4 kwa mada ni kipimo changu, usikiazime. Fanya mada mbili za mwanzo ukiangalia saa. Zikila saa 6 kila moja, somo linafika saa 80 na wewe una 71. Hapo ama unaahirisha mpaka mtihani unaofuata, ama unaomba likizo ya siku chache Oktoba, na barua ya likizo iandike Agosti, kabla wenzako wa ofisini hawajaziwahi tarehe hizo.