Likizo ya Hija: nimdanganye bosi?

Swali: Ustadh asalaam aleikum, mimi ni mhasibu hapa Industrial Area, nimelipia Hija siku 24. Bosi si Muislamu, naogopa atakataa. Naweza kuchukua likizo ya ugonjwa halafu niende tu?

Jibu: Waaleikum salaam warahmatullah. Hapana ndugu yangu, karatasi ya daktari ya uongo ni uongo, na mshahara utakaolipwa kwa uongo huo si wako. Allah anasema kwenye Al-Maida aya ya 1 tutimize mikataba, na ya kazini ni mkataba pia.

Halafu haja ya uongo sioni. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, na za malipo. Sasa hesabu: ukisafiri Jumamosi, siku 24 zinaishia Jumatatu, toa wikendi zote unabaki na siku 16 za kazi. Ongeza mbili, Jumanne na Jumatano, maana ndege za mahujaji huchelewa na utarudi na kikohozi (sijaona hujaji akarudi bila kikohozi), jumla 18. Bado una tatu. Hii ni kama hujazila siku zako kwa harusi za binamu.

Kwenye barua usiandike "safari ya kidini" ukaachia hapo. Mwambie Hija yenyewe ni tarehe 8 hadi 13 Dhulhija, zinafuata mwezi kuandama kwa hivyo zinaweza kusonga siku moja, zilizobaki ni za Madina na kungoja ndege, na ejenti ndiye anapanga si wewe. Bosi akijua huwezi kuzihamisha hadi Disemba hatakuuliza mbona usiende wakati ofisi imetulia.

Kisha kazi, hapo ndo bosi anaangalia. Wewe una PAYE ya tarehe 9 na VAT ya tarehe 20, taja ni nani atazituma kwa KRA, na umuulize huyo mtu kwanza kabla hujaandika jina lake, ndugu zetu wengi wanamsukumia mwenzao kazi bila kumwambia alafu wanaenda kuomba dua Arafa. Kaa naye wiki mbili kabla afanye yeye wewe ukiangalia. Paswodi yako usimpe, afunguliwe yake, hiyo ni amana. Na usiahidi kushika simu kila siku, siku ya Arafa hutaweza, sema wazi.

Akikataa? Omba likizo bila malipo, lakini piga hesabu ya nyumbani, kwani uwezo wa Hija ni pamoja na matumizi ya wanaokutegemea mpaka urudi. Kodi ya nyumba ikikosekana mwezi huo basi uwezo haujatimia. Na kwa madhehebu yetu ya Shafii Hija inaweza kucheleweshwa mradi uwe na azma ya kwenda, japo wanazuoni wengine wengi wanasema ni papo hapo, kwa hivyo muulize ejenti kama pesa zitahamia mwaka ujao na ombi la mwakani lipeleke mapema, Muharram hivi.