Barua ya kutangaza mikato ya kibodi ofisini: ipi iingie, ipi iachwe, na iandikweje

Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni meneja wa ofisi hapa Dodoma. Baadhi ya wafanyakazi wana Word 2016, wengine Microsoft 365, na kitengo cha miradi kinaandika kwenye Google Docs. Ripoti zinanifikia zikiwa na fonti nne tofauti, na jedwali la yaliyomo halitoki. Nataka kuwaandikia barua ya kutangaza mikato ya kibodi itakayotumiwa na ofisi nzima. Nimeshakusanya zaidi ya 40 mtandaoni. Niiweke yote? Na barua yenyewe niiandikeje?

Jibu: Ndugu meneja, mikato 40 haitasomwa na mtu. Ichuje kwa kujiuliza hivi: mfanyakazi asipotumia mkato huu, atakayepokea faili baada yake ataathirika? Anayenakili kwa kipanya na anayenakili kwa Ctrl+C wanaleta waraka ule ule, kwa hiyo jambo hilo liache mikononi mwa kila mtu. Kichwa cha sehemu ni habari nyingine. Mmoja akikoza maandishi na kuongeza ukubwa wa herufi, na mwingine akibonyeza Ctrl+Alt+1, kwa macho kurasa zao zinaweza kufanana kabisa. Ndani ya faili hazifanani. Wa pili ameweka mtindo wa Heading 1, na programu inajua kwamba hiki ni kichwa. Wa kwanza ana aya ya kawaida yenye herufi nene. Jedwali la yaliyomo hukusanya vichwa vyenye mtindo, na Word isipokuta hata kimoja huandika "No table of contents entries found." Ripoti zako zinakwama hapo.

Ukichuja hivyo, yanabaki mambo sita: vichwa, maandishi ya kawaida, ukurasa mpya, kubandika bila mapambo, kufuatilia mabadiliko, na maoni ya pembeni. Hayo yanatosha barua moja.

Kabla ya kuandika, kuna tatizo ambalo orodha za mtandaoni hazilisemi: mkato mmoja unaweza kuwa na kazi mbili kulingana na programu. Ctrl+Shift+E ukiwa Word huwasha au kuzima Track Changes. Mkato huo huo ukiwa Google Docs hupeleka aya katikati ya ukurasa. Mtu wa kitengo cha miradi akifuata barua iliyoandikwa kwa kuwafikiria watumiaji wa Word tu, ataona aya imehama, atairudisha, kisha ataendelea kurekebisha mkataba akiamini mabadiliko yake yanaonekana. Hayaonekani. Katika Google Docs hali ya kupendekeza huwashwa kwa Ctrl+Alt+Shift+X, na kurudi kwenye kuhariri ni Ctrl+Alt+Shift+Z.

Ctrl+Shift+N nayo ina mtego wake. Katika Word hurudisha aya kwenye mtindo wa Normal. Katika Google Docs ndani ya Chrome hufungua dirisha fiche, na mwandishi hubaki akishangaa waraka umekwenda wapi. Huko mkato sahihi ni Ctrl+Alt+0.

Unaosumbua kuliko yote ni Ctrl+Shift+V, kwa sababu unatofautiana hata ndani ya Word yenyewe. Katika Google Docs na matoleo mapya ya Microsoft 365 hubandika maandishi matupu. Katika Word 2016 hubandika mapambo yaliyonakiliwa kwa Ctrl+Shift+C, na kama hakuna yaliyonakiliwa, hakitokei kitu cha maana. Mfanyakazi ataona kitufe "hakifanyi kazi" na kurudi kwenye Ctrl+V, na zile fonti nne zitarudi naye. Kwa watu wote wa Word tumia njia inayokubali katika matoleo yote mawili: bonyeza Ctrl+V, achia, bonyeza Ctrl peke yake, achia, kisha bonyeza T. Ctrl ya pili hufungua kile kisanduku cha Paste Options kinachotokea chini ya maandishi uliyobandika, na T huchagua Keep Text Only. Waeleze pia mpaka wake: jedwali likibandikwa hivi hugeuka mistari mitupu na picha hupotea. Njia hii ni ya maandishi tu.

Jambo la pili la kutangulia barua ni kiolezo. Watu wengi hukimbia Heading 1 kwa sababu inakuja na rangi ya buluu na fonti ambayo ofisi haiitumii, kisha wanaipamba upya kwa mkono. Ukitangaza Ctrl+Alt+1 bila kurekebisha hilo, watatii siku mbili. Fungua kiolezo cha ofisi, nenda Home, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya Heading 1 katika orodha ya mitindo, chagua Modify, weka fonti, ukubwa na rangi nyeusi. Fanya hivyo kwa Heading 2 na Normal, hifadhi kama faili la .dotx, na uliweke kwenye folda ya pamoja. Kitengo cha miradi waandalie waraka mmoja wa mfano wenye mitindo hiyo hiyo, ambao wataunakili kila wanapoanza kazi mpya.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja. Itaje tarehe ya kuanza, iseme mkato upi ni wa programu ipi, na iweke wazi kwamba kinachotakiwa ni matokeo ndani ya faili. Mtu anayefika kwenye Heading 1 kwa kipanya ametimiza utaratibu, na hilo ni muhimu hasa kwa mfanyakazi yeyote ambaye mkono mmoja una shida. Huyo aelekezwe pia kwenye Sticky Keys ya Windows: akibonyeza Shift mara tano na kukubali, ataweza kubonyeza Ctrl, Alt na 1 kimoja baada ya kingine. Mimi ningeiandika hivi:

> YAH: MIKATO YA KIBODI KWA NYARAKA ZOTE ZA OFISI
>
> Ndugu wafanyakazi,
>
> Kuanzia Jumatatu ijayo, ripoti, mihtasari ya vikao na mikataba yote itaandaliwa kwa utaratibu mmoja, ili waraka unaopita kwa watu kadhaa usihitaji kupangwa upya. Alama ya + inamaanisha ushikilie kitufe cha kwanza huku ukibonyeza kinachofuata. Namba ni zile za safu ya juu ya kibodi.
>
> Vichwa. Weka kishale kwenye mstari wa kichwa. Kichwa kikuu ni Ctrl+Alt+1, kichwa kidogo ni Ctrl+Alt+2. Ni sawa katika Word na Google Docs. Tusikuze herufi kwa mkono.
>
> Maandishi ya kawaida. Aya ikishika mtindo usiotakiwa, Word ni Ctrl+Shift+N, Google Docs ni Ctrl+Alt+0.
>
> Ukurasa mpya. Ctrl+Enter katika programu zote mbili. Tusibonyeze Enter mara nyingi ili kufika ukurasa unaofuata, maana sentensi moja ikiongezwa juu, kila kitu chini yake kinahama.
>
> Kubandika maandishi kutoka kwingine. Word: Ctrl+V, achia, Ctrl, achia, kisha T. Google Docs: Ctrl+Shift+V. Majedwali na picha vibandikwe kwa Ctrl+V ya kawaida.
>
> Kurekebisha kazi ya mwenzako. Kabla ya kugusa neno lolote, Word ni Ctrl+Shift+E, Google Docs ni Ctrl+Alt+Shift+X. Andika neno moja la majaribio: likitokea kwa rangi tofauti, uko tayari, lifute na uendelee.
>
> Maoni. Chagua maneno husika, bonyeza Ctrl+Alt+M. Maoni yasiandikwe ndani ya aya kwa herufi nyekundu.
>
> Nyaraka mpya zianzie kwenye kiolezo kilichomo ndani ya folda ya pamoja. Nyaraka za zamani hazihitaji kurekebishwa mpaka zitakapofunguliwa kwa kazi mpya. Anayependa kutumia menyu anaruhusiwa, alimradi mtindo uliowekwa ni ule ule. Mkato ukikataa kwenye kompyuta yako, nijulishe kabla ya kubadilisha mpangilio wowote.
>
> Meneja wa Ofisi

Umeona kwamba katika kufuatilia mabadiliko nimeongeza neno la majaribio. Usiliondoe. Ctrl+Shift+E ya Word ni swichi: ikiwa mwenzako aliyetuma faili alikuwa ameshawasha Track Changes, wewe ukibonyeza unaizima. Anayefuata barua bila kutazama atazima kile alichokusudia kuwasha. Rangi kwa kawaida huonekana pale mwonekano wa Review ukiwa All Markup. Ukiwa Simple Markup, kinachotokea ni mstari pembeni mwa aya tu. Kwa hiyo waombe waweke All Markup wanapohariri.

Kabla ya kusambaza, kaa kwenye kompyuta tatu: ya Word 2016, ya Microsoft 365 na ya kitengo cha miradi. Chukua ripoti moja halisi iliyokusumbua, yenye vichwa kama kumi. Badilisha vichwa vyote kwa mikato ya barua, ingiza jedwali la yaliyomo, katika Word kupitia References na katika Google Docs kupitia Insert, kisha ongeza aya mbili mwanzoni. Katika Word bofya jedwali, bonyeza F9 na uchague Update entire table; katika Google Docs bofya jedwali, kisha alama ya kusasisha inayotokea kando yake. Kwenye laptopu nyingine F9 huhitaji kushikilia Fn. Namba za kurasa zikibadilika na vichwa vyote kumi vikiwemo, kazi imekamilika. Kikikosekana kimoja, kiguse na utazame mtindo uliong'aa katika Home. Mara nyingi utakuta ni Normal iliyokozwa.

Utapata pia malalamiko ya "kwangu haufanyi kazi". Katika Word nenda File, Options, Customize Ribbon, kisha Customize iliyo karibu na maneno Keyboard shortcuts. Chagua amri yoyote, bofya ndani ya kisanduku cha Press new shortcut key na ubonyeze mkato wenye tatizo. Chini yake, Currently assigned to itakuonyesha mkato huo umekabidhiwa kazi gani. Ikitaja amri nyingine, kuna mtu aliyebadilisha mpangilio wa kompyuta hiyo. Kama kisanduku hakionyeshi chochote unapobonyeza, basi programu nyingine iliyo wazi imeunyakua mkato kabla haujafika Word, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Ukimaliza kuangalia, toka kwa Close bila kugusa Assign. Kitufe cha Reset All kiache kwanza, kwa sababu hufuta mikato yote ambayo mwenye kompyuta alijitengenezea, pamoja na ile isiyohusiana na barua yako.