Mkufu umekatika: kipete, lehemu au mwengine?

"Fundi kanitilia kipete katikati ya mkufu wa dhahabu. Haikufika wiki, umedondoka tena. Kanionea?" (Msomaji, Mkunazini)

Hajakuonea, bibi, ila kakupa dawa ya maradhi mengine. Kipete kile hakikatiki, kinafunguka. Ni waya uliokunjwa mduara na ncha zake mbili hazikuunganishwa, zimekutanishwa tu. Mkufu mwembamba una waya mwembamba kuliko mwanya wa kipete, basi ukivutwa kidogo na mtandio au mtoto, pingili inateleza na kutoka. Jaribu nyumbani: chukua uzi wa cherehani, upitishe ndani ya kipete, uuvute pale ncha zinapokutana. Uzi ukipenya, ujue mkufu nao utapenya.

Mara nyengine kosa ni la mkono. Kipete hakipanuliwi kwa kuvuta ncha kulia na kushoto, kwani kinapoteza umbo na hakirudi mduara. Hushikwa kwa koleo mbili, ncha moja ikasukumwa mbele na nyengine nyuma, kama kufungua mlango. Wakati wa kufunga, ncha zipitishwe kidogo kisha zirudishwe, ndipo zinakaza.

Katikati ya mkufu, ambako uzito wa kidani unavuta mchana kutwa, ncha hizo zinataka kulehemiwa. Kipete kile kile si lazima kitolewe. Mrudishie fundi akitie lehemu, na kazi hiyo ni ya dakika chache.

"Jirani yangu anatengeneza redio na simu, ana chuma cha kulehemia. Aniungie cheni yangu ya fedha?" (Msomaji, Wete)

Hapana, tafadhali. Na usimwache hata ajaribu.

Lehemu ya redio ni bati, mara nyingi limechanganywa na risasi, na huyeyuka kabla ya nyuzi joto 250. Ni laini, kwa hiyo kwenye waya mwembamba wa cheni haihimili mvuto. Lakini udhaifu huo ndio shida ndogo. Kubwa ni kwamba siku utakapompelekea sonara aunge vizuri, yeye anatumia lehemu ya fedha inayotaka moto wa karibu nyuzi 700. Kwenye joto hilo bati na risasi zilizobaki huingia ndani ya fedha na kuila. Sehemu inatoboka, au inakuwa kavu na kuvunjika kama biskuti. Dhahabu nayo ni hivyo hivyo, risasi kidogo tu inatosha kuifanya ikatike. Fundi mwenye uangalifu atalazimika kukata pingili zilizoguswa, na hapo unapoteza fedha yako na urefu wa cheni.

Kama limeshatiwa, mwambie sonara kabla hajawasha moto. Alama yake ni tone la kijivu lisilong'aa, linalokwaruzika kwa kucha au ncha ya kisu.

"Mkufu wangu wa karati 21, gramu 8, umekatika mara tatu mwaka huu, kila mara pahala pengine. Fundi anataka 20,000 kila akiunga. Niunge tena au nibadilishe?" (Msomaji, Chake Chake)

Hizi 60,000 ulizokwishatoa zisikuchanganye, tuangalie mkufu wenyewe. Mkufu uliokatika mara moja kwa kukwama una ugonjwa wa pingili moja. Uliokatika mara tatu pahala mbalimbali umechakaa. Pingili zinasuguana kila unapotembea, na jasho likishika vumbi linakuwa kama msasa. Zinalika upande wa ndani, pale zinapobebana, huku upande wa nje ukibaki mzima na mzuri wa kuonekana.

Ulaze mkufu mezani, sukuma pingili mbili zilegee, halafu zitazame kwa lenzi, au kwa kamera ya simu ukiivuta karibu. Waya wa pingili ukiwa umebaki nusu ya unene wake, nguvu nayo imebaki nusu au chini ya hapo. Anza kutazama karibu na kifungo na pale kidani kinapoteleza, maana huko ndiko kunakolika kwanza.

Sasa hesabu. Tuseme duka linadai 12,000 za ufundi kwa kila gramu ya mkufu mpya, na linanunua dhahabu yako kwa bei iliyo chini ya yao kwa 10,000 kila gramu. Gramu 8 zitakutoa 96,000 na 80,000, jumla 176,000. Hiyo ni sawa na kuungiwa karibu mara tisa. Kwa hiyo kwa dhahabu, kubadilisha si rahisi kama wauzaji wanavyosema. Kinachobadilisha hesabu ni ile siku mkufu utakapodondoka kwenye daladala usiuone tena, gramu zote 8.

Mimi ningefanya hivi. Kama uchakavu uko sentimita chache za mwisho tu, sonara azikate na aunge palipo pazima. Mkufu utapungua urefu, na vipande vilivyokatwa unavichukua, ni dhahabu yako. Kama umelika mwili mzima, badilisha, na mizani iwekwe mbele yako. Kifungo kina springi ya chuma ndani, usishangae sonara akikipima mbali.

Ukiamua kuunga, muulize lehemu yake ni ya karati ngapi. Lehemu ya fedha kwenye dhahabu inashika, lakini inaacha mstari mweupe na siku ya kuuza inakushushia bei. Na ukiwa mkufu wa kusokotwa kama kamba, mwambie atumie tone dogo kama kichwa cha pini. Lehemu huyeyuka na kukimbilia kwenye joto, ikaingia pingili za jirani na kuzigandisha. Kipande kigumu hakipindi, basi siku nyengine mkufu unakatika pembeni yake. Wazee wa kazi hupaka penseli kwenye pingili za jirani kuizuia lehemu. Ukipokea mkufu, uviringishe kidoleni pale palipoungwa: ukikataa kupinda, rudisha hapo hapo.

"Umekatika pembeni ya kifungo, na kuna kidani cha tanzanaiti. Ulehemiwe?" (Msomaji, Mkoani)

Hapa kipete ndicho chenyewe, mradi kiwe cha waya mnene, kimefungwa barabara. Moto ukifika kwenye kifungo, springi yake inalegea na haifungi tena. Tanzanaiti nayo hupasuka ikipata joto la ghafla, kwa hiyo kidani kitolewe kabla moto haujawashwa popote kwenye mkufu. Lulu pia, inaungua. Fundi akikataa kukitoa kidani, ondoka dukani.

"Cheni ya kuchovywa niliyonunua Darajani 8,000 imekatika katikati. Fundi anataka 5,000 kulehemu." (Msomaji, Bububu)

Usitoe. Moto utaunguza ule utando wa dhahabu na kubakisha doa jeusi au jekundu pale pale shingoni, kisha utataka kuichovya upya. Mwambie akutilie kipete kwa 1,000, ivae mpaka ikatike tena, halafu nunua nyengine. Kama ni ya chuma kisichoshika kutu, moto wa kawaida wa sonara hauungi vizuri hata ukitaka, kwa hiyo nayo ni kipete tu.