Mguu mmoja umekatwa, wa pili umevimba: nichukue BMI ipi?

Habari za kazi. Mimi ni muuguzi, kliniki ya kisukari. Nina mzee aliyekatwa mguu wa kulia chini ya goti, na wa kushoto umevimba. Uzito ni kilo 54, urefu sentimita 172, BMI 18.3. Mwenzangu akaongeza uzito wa mguu uliokatwa, ikawa 19.4, akasema lishe ya mzee ni nzuri. Nani yuko sahihi?

Mwenzako amekumbuka mguu akasahau maji. Hesabu yake yenyewe haina kosa: mguu kuanzia goti hadi unyayo hukadiriwa kuwa asilimia 5.9 ya uzito wa mwili, kwa hiyo unagawanya uzito uliopimwa kwa 0.941. Ila kilo 54 hizo zina maji ndani, naye ameyakuza pamoja na nyama.

Maji hutolewa kwanza, kiungo hurudishwa baadaye. Tuseme daktari amempa dawa ya kukojoza, uvimbe ukaisha na mizani ikasoma kilo 50:

```
50 / 0.941 = 53.1
53.1 / (1.72 x 1.72) = 18.0
```

Kumbe mzee ni mwembamba kweli, yuko chini ya 18.5. Wakati bado amevimba, andika kwenye faili “ana uvimbe, BMI haitegemeki”. Usijikadirie kilo za maji kwa macho.

Uvimbe wenyewe nao uuchunguze. Bonyeza kwa dole gumba juu ya mfupa wa muundi, sekunde chache, uone kama shimo linabaki. Kwa kawaida tunalinganisha miguu miwili, huyu hana wa pili, basi bonyeza pia kiunoni nyuma, tazama tumbo na kope, na usisahau kigutu. Ukikuta maji kwingine, fikiria figo, moyo au ini. Kama ni mguu huo tu, tena una joto na unauma, yaweza kuwa damu iliyoganda au maambukizi. Amwone daktari siku hiyohiyo, BMI itasubiri.

Mzingo wa mkono utakusaidia, kwa kuwa maji ya miguuni hayaufikii upesi. Lakini muulize ametembelea magongo muda gani. Magongo hujenga misuli ya mikono, na utepe unaweza kukuonyesha mtu aliyeshiba ilhali mapaja yamekwisha.

Mguu wa bandia uvuliwe kabla ya kupima, na magongo yasiguse mizani. Urefu uchukue upande wa mguu mzima, akiwa amelala kama hawezi kusimama wima. Ile 5.9 huhesabu kila kitu chini ya goti; kigutu chake kikiwa kirefu, umerudisha zaidi ya alichopoteza, kwa hiyo hata hiyo 18.0 imependelea juu kidogo.

Uzito uliorekebishwa ni wa BMI tu. Kufuatilia maji kila siku, tumia namba ya mizani ilivyo, saa ileile, mizani ileile.