Sentensi zilizovurugwa: usianze kutafuta ya kwanza

Nina duka dogo la fotokopi na vifaa vya shule karibu na stendi ya Moshi. Msimu wa mitihani ukikaribia, walimu wa tuisheni huniletea mazoezi yaliyoandikwa kwa mkono niyachape, na karibu kila karatasi huwa na lile swali la kupanga sentensi zilizochanganywa ili zilete mtiririko wenye mantiki. Nimeyachapa maswali hayo miaka mingi bila kuyafikiria. Nilikuja kuyafikiria mwaka jana, mtoto wa dada yangu alipohamia kwangu Pasua akiwa darasa la saba, maana swali hilo lilikuwa linamwangusha kila wiki.

Nilimkalisha barazani nikamtazama anavyofanya. Anasoma sentensi zote mara moja, anachagua inayosikika kama mwanzo wa hadithi, anaipa herufi A, halafu anakisia zilizobaki. Akikosea A ndiyo basi. Hapo ndipo nilipomwambia aache kabisa kutafuta ya kwanza. Aanze na sentensi isiyoweza kusimama peke yake, aulize inamtegemea nani.

Zoezi tulilolifanyia kazi jioni ile ni hili. Nililitunga mwenyewe, nikalikata kwa mkasi vipande sita:

1. Lilipofika, kondakta alimwambia kwamba kuna nafasi ya mkungu mmoja tu.
2. Jioni aliporudi, alimkuta jirani huyo ameshaiuza yote miwili kwa bei nzuri kuliko ya sokoni.
3. Juma lililopita alikata mikungu mitatu, akaisogeza barabarani kusubiri gari.
4. Hata hivyo hakukata tamaa. Aliiacha miwili kwa jirani, akaondoka na ule mmoja.
5. Bibi Manka hupeleka ndizi soko la Kiboriloni kila juma.
6. Gari hilo lilichelewa kwa sababu barabara ilikuwa na tope.

Mtoto akaweka namba 3 juu. "Mama mdogo, si imeandikwa juma lililopita? Hadithi zinaanzaga hivyo."

Nikamuuliza, nani alikata mikungu? Akakaa kimya. Hiyo *a-* ya "alikata" haina mwenyewe. Maneno kama "siku moja", "juma lililopita" na "jioni" yanataja wakati, na wakati unaweza kuingia popote kwenye habari. Kinachofungua habari ni sentensi inayomtaja mtu au kitu kwa jina lake bila kumdai msomaji ajue chochote kabla. Hapa ni namba 5 peke yake. Tena angalia kitenzi chake, "hupeleka". Ile *hu-* inaeleza mazoea, kisha tukio la siku fulani linafuata kwa *-li-*, na *-ka-* inaendeleza. Sentensi inayoanza na "Akamwambia" au "Wakaondoka" usiipeleke juu hata siku moja, kwa sababu *-ka-* inadai kuna tendo limeshatangulia.

Lakini utamu wa zoezi hili uko kwenye gari.

Neno "gari" limo kwenye namba 3, likiwa tupu: "kusubiri gari". Gari lolote tu. Namba 6 inasema "gari hilo". Namba 1 haitaji gari kabisa, inasema "Lilipofika", kiambishi kimebaki peke yake. Ndivyo tunavyozungumza kila siku bila kujua. Kitu kikiingia mara ya kwanza tunakitaja kwa jina tupu. Mara ya pili tunakishika kwa kioneshi chenye *-o*: hilo, hicho, hiyo, huyo. Kikishazoeleka, tunaacha jina, tunabakiza kiambishi kwenye kitenzi. Kwa hiyo mpangilio unajionesha: gari, gari hilo, li-. Namba 3, namba 6, namba 1.

Sisemi hii ni sheria ya chuma. Mtu anaweza kuandika "akasubiri gari. Lilipofika..." na likawa Kiswahili safi. Kwa ngeli peke yake, namba 1 ingeweza kuifuata 3 moja kwa moja. Ndiyo maana inabidi ujaribu. Ukiweka 1 kabla ya 6, unapata konda anasema nafasi ni ya mkungu mmoja, kisha habari inarudi nyuma kueleza kwamba gari lilichelewa kwa ajili ya tope, kisha "Hata hivyo hakukata tamaa". Bibi asikate tamaa kwa sababu ya tope wakati gari limeshafika? "Hata hivyo" inataka kikwazo kiwe mlangoni kwake, na kikwazo ni maneno ya konda. Basi 1 na 4 zinashikana, na 6 inabaki na nafasi moja tu, kabla yao.

Mtoto akaniuliza swali lililonifurahisha: mbona "lilipofika" lisiwe juma? Kweli, juma nalo ni *li-*, na namba 3 imeanza na "juma lililopita". Viambishi vinaoana barabara. Nikamwambia, upatanisho wa ngeli unakupa orodha ya wanaoweza kuwa wenye kiambishi, halafu maana inachagua mmoja. Juma halina konda.

Katika kufuatilia hivi, si kila kiambishi kina nguvu sawa. *A-* ndiyo dhaifu kuliko vyote, maana watu wote na wanyama wote wanaigombania. Angalia namba 4: "hakukata tamaa". Kisarufi anaweza kuwa konda, kwa sababu naye ametajwa punde tu. Unajua ni bibi kwa kuwa ndiye mwenye mikungu ya kuacha. Lakini *ki-*, *vi-* na *li-* zina wenyewe wachache kwenye habari fupi, kwa hiyo ukiona "kilivunjika" au "alivipanga", kimbilia hapo kwanza, utampata mwenyewe haraka. Kiambishi cha katikati ya kitenzi watoto wengi hawakioni kabisa. "Aliiacha" ina *i* mbili, na ya pili ndiyo inayobeba kitu kilichoachwa. Kwa umbo tu, *i* hiyo ingeweza kuwa ya barabara. Neno "miwili" linalofuata ndilo linalokata shauri kwamba ni mikungu.

Halafu "ule mmoja". Kwa nini isiwe "huo mmoja"? Ingewezekana, lakini *-le* kwenye habari inamkumbusha msomaji jambo analolijua tayari: ule ambao konda alisema una nafasi. Kwa hiyo 4 inatanguliwa na 1, tumepata ushahidi wa pili. Mimi napenda ushahidi uwe wa pande mbili kabla sijabandika kipande.

Namba 2 ilibaki yenyewe, na haikutusumbua. "Jirani huyo" anatoka namba 4, "yote miwili" nayo inatoka namba 4. Tahadhari moja tu hapa: jirani, rafiki, daktari, mbuzi na ng'ombe ni viumbe hai, kwa hiyo ni "huyo" hata kama umbo la neno halianzi na *m-*. Mtoto anayetafuta "jirani hiyo" hataipata na atadhani sentensi haina mwenza.

Mpangilio ukawa 5, 3, 6, 1, 4, 2.

Kwenye chumba cha mtihani hakuna mkasi. Tulichofanya wiki zilizofuata ni kutumia penseli. Anazungushia duara kila kinachodai kitu cha nyuma: kioneshi chenye *-o* au *-le*, kitenzi kisichotanguliwa na jina, kiunganishi mwanzoni mwa sentensi. Kisha anachora mstari kwenda kwa mwenyewe. Sentensi isiyo na duara hata moja ndiyo A, na anaipata bila kuitafuta. Habari ya sentensi nne inamalizika kwa dakika mbili hivi. Mwanzoni alikuwa anachukua kumi.

Kuhusu viunganishi nina neno moja. Walimu wengi wanawafundisha watoto kwamba "hatimaye" ni ya mwisho. Siyo. "Hatimaye basi likafika Himo" inaweza kufuatwa vizuri kabisa na "Huko tukakuta foleni ya malori", kwa sababu "huko" inadai mahali pametajwa. "Hatimaye" inasema tu kwamba kilichosubiriwa kimetokea. Ukigongana na kiunganishi kinachovuta upande mmoja na kioneshi kinachovuta upande mwingine, mwamini kioneshi.

Kuna mazoezi ambayo mbinu hii haiyawezi, na kosa huwa la mtungaji. Mwaka huu mwalimu mmoja aliniletea karatasi nichape, nami kwa tabia niliyoizoea sasa nikalijaribu swali lake kwanza. Habari ilikuwa ya mzee mfugaji. Sentensi moja ilisema "Pia analima kahawa", nyingine "Vilevile anafuga mbuzi". Nilizibadilisha nafasi, habari ikasomeka sawasawa. "Pia" na "vilevile" zinaongeza tu, haziambii kipi kimetangulia. Mtoto anayejua kusoma vizuri angenyimwa alama kwa jibu lisilo na kasoro. Na ukibadilisha nafasi ya sentensi moja, nyingine lazima ihame nayo, kwa hiyo adhabu ni ya alama mbili.

Alipokuja kuchukua kazi yake nikamwonesha. Alinuna kidogo, nadhani si kawaida kusahihishwa na mwenye fotokopi. Kisha akakaa kwenye stuli, akaomba kalamu. Tulizibadilisha pamoja: "Anafuga mbuzi kumi nyumbani." "Mbolea ya mbuzi hao huiweka kwenye kahawa yake." "Kahawa hiyo huiuza kupitia chama cha msingi." Mbuzi, mbuzi hao, kahawa, kahawa hiyo. Alijaribu kuzivuruga mara mbili kwenye karatasi ya pembeni, zikagoma. Akasema nimchapie nakala arobaini.