Angalia alichofanya, si siku zilizopita

"Jaribio la bure la programu yetu ni siku 14. Mteja nimwombe alipie siku ya ngapi?"

Ndugu, usihesabu siku. Chukua programu ya daftari la duka: aliyejisajili siku 10 zilizopita akaingiza bidhaa 3 tu bado hana cha kulipia, kwa hiyo msaidie kwanza aandike mauzo. Lakini aliyeandika mauzo siku 5 mfululizo, kisha akafungua ripoti ya faida ya wiki, huyo ameshaona manufaa ya programu. Mwonyeshe bei hapohapo chini ya ripoti, na kitufe cha kulipa kwa M-Pesa. Tafadhali usimkatize akiwa anauza, foleni imejaa kaunta. Ukiona wengi wanalipa mwezi wa kwanza kisha wanapotea, huenda unawasukuma mapema mno.